Upinde wa Kijapani: Kwa Nini Mkono Unashika Chini

  Leo nataka tuzungumze juu ya upinde. Si upinde wowote tu, bali ule mrefu wa Wajapani, ambao wenyewe wanauita yumi. Na katika upinde huo nataka tushughulike na jambo moja: kwa nini unashikwa chini, na huko kushikwa chini kunamdai nini mpigaji wakati wa kuvuta na wakati wa kuachia mshale.

Kwanza tuuone. Mwambie mtoto yeyote achore mtu mwenye upinde. Atapiga mstari wa nusu duara, kisha ataweka mkono katikati kabisa, juu sawa na chini. Upinde wa Kijapani haukubali mchoro huo. Ule unaotumika sana leo una urefu wa sentimita 221. Mtu wa sentimita 170 akiusimamisha kando yake, unampita kwa nusu mita. Lakini pale pa kushikia, palipozungushiwa kipande cha ngozi, pako kiasi cha theluthi moja kutoka chini. Kwa hiyo chini ya mkono kuna kama sentimita 75, na juu ya mkono kama 145. Nawaomba mzishike namba hizo mbili, maana ndizo zitakazotuongoza: 75 chini, 145 juu. Upande wa juu unakaribia kuwa mara mbili ya upande wa chini.

Sasa kwa nini? Ukimuuliza mtu aliyeonja historia ya Japani kidogo, atakujibu haraka: ni kwa sababu ya farasi. Samurai alipiga mishale akiwa juu ya farasi, na alihitaji kuuvusha upinde kutoka upande mmoja wa shingo ya farasi kwenda wa pili. Upinde mrefu ulioshikwa katikati ungegonga shingo au kunasa kwenye tandiko. Ukiushika chini, ile sehemu fupi inapita bila tabu. Maelezo hayo yanaingia akilini vizuri, na yana ukweli wake. Lakini hayawezi kuwa ndio mwanzo wa jambo hili. Kwa nini nasema hivyo?

Nasema hivyo kwa sababu ya tarehe. Kupanda farasi kulienea Japani katika karne ya 5. Lakini Mchina Chen Shou, aliyeandika historia yake mwishoni mwa karne ya 3, alikwisha kusema kwamba watu wa visiwa hivyo wanatumia pinde za mti zilizo fupi chini na ndefu juu. Na maandishi hayohayo yanasema kwamba nchi yao haina farasi. Tena iko kengele ya shaba ya kale zaidi, ya zama za Yayoi, inayotunzwa katika Makumbusho ya Taifa ya Tokyo. Ubavuni mwake kuna picha ndogo ya mwindaji anayemlenga paa, na mkono wake umeshika upinde chini ya katikati. Mwindaji yule anasimama kwa miguu yake. Farasi hayupo. Kwa hiyo farasi alikuta upinde tayari unashikwa chini. Alichofanya ni kuwapa watu sababu nyingine ya kuendelea hivyo.

Basi turudi nyuma zaidi, twende msituni, kwa mtu anayetafuta mti wa kutengenezea upinde. Pinde za mwanzo za Japani hazikuwa za vipande vilivyogandishwa kwa gundi. Zilikuwa mti mmoja, shina jembamba lililokatwa na kuchongwa. Na shina la mti lina tabia gani? Upande wa mzizi ni nene na gumu. Upande wa kileleni ni jembamba na laini. Ukilifunga ugwe, au upote kama wengine mnavyouita, kisha ukalishika katikati na kuvuta, kile kilele kitapinda sana na upande wa mzizi utabaki umekakamaa. Upinde wa namna hiyo unachoka upande mmoja, na siku moja utakatika hukohuko juu. Dawa yake ni mbili. Ama uchonge sana upande mnene mpaka ulingane na mwembamba, na hapo umeitupa nguvu ya mti. Ama uusogeze mkono kuelekea upande mnene, ili ugumu wa sehemu fupi upatane na ulaini wa sehemu ndefu. Maelezo haya ya mti ndiyo mimi nayaona yana uzito kuliko mengine, kwa sababu hayahitaji vita wala farasi. Yanahitaji mti tu na mtu asiyetaka upinde wake uvunjike.

Lakini mtaniuliza: kama ni suala la mti, mbona baadaye hawakuacha? Kuanzia karne ya 12 hivi mafundi wa Japani walianza kubandika ubapa wa mwanzi mbele ya mti, kisha wakabandika na nyuma, kisha wakauzungushia mti wote mwanzi, wakitumia gundi iliyochemshwa kutoka ngozi ya paa. Fundi wa namna hiyo angeweza kuufanya upinde uwe sawa juu na chini kama angetaka. Hakutaka. Na hapa ndipo tunapofika kwenye mwili wa mpigaji.

Mpigaji wa Kijapani anavuta mbali sana. Havuti mpaka kidevuni. Anavuta mpaka mkono wake wa kulia ufike nyuma ya sikio, karibu na bega, mshale ukipita usawa wa mdomo. Kwa mtu wetu wa sentimita 170, mvuto huo ni kama sentimita 85 hadi 90. Upinde mfupi wa mti na mwanzi ukivutwa hivyo unavunjika, au unakuwa mzito ghafla mwishoni kiasi kwamba mkono unatetemeka. Ili uvutwe mbali namna hiyo na uzito upande polepole, upinde lazima uwe mrefu. Sasa chukua upinde huo mrefu wa sentimita 221 uushike katikati. Chini ya mkono kutakuwa na sentimita 110. Ukiwa umesimama, hakuna neno. Je, ukipiga goti? Bega la mtu aliyepiga goti liko kama mita moja kutoka ardhini, au pungufu. Sentimita 110 hazienei hapo. Ncha ya chini itagota udongo. Lakini sentimita 75 zinaenea. Askari anapiga goti nyuma ya ngao, anavuta, anaachia, na ncha ya chini inabaki hewani. Hiyo ndiyo faida kubwa: unapata upinde mrefu wa kuvuta mbali, na bado unautumia ukiwa chini, umesimama, au juu ya farasi.

Iko sababu ya tatu, nayo inasikika mkononi. Chukua ufito mrefu mkavu nyumbani kwako. Ushike kwa vidole viwili tu, katikati, kisha ugonge kwa kijiti. Utasikia sauti inakufa mara moja, na vidole vinapokea mtetemo. Sasa sogeza vidole kuelekea ncha moja, kidogo kidogo, ukigonga kila mara. Utafika mahali, kama robo ya urefu au pungufu kidogo, ambapo ufito unalia kwa muda na vidole havisikii karibu kitu. Mahali hapo ufito wenyewe hautikisiki sana. Unatikisika pande zake zote mbili na hapo unatulia. Upinde baada ya kuachia mshale nao unatetemeka, na katikati yake ndipo mtetemo unapokuwa mkali. Pale chini anaposhika Mjapani ni karibu na sehemu tulivu. Kwa hiyo kifundo cha mkono na kiwiko havipigwi sana. Sidhani mtu wa kale alipiga hesabu hiyo, lakini mkono wake ulimwambia.

Haya, wasikilizaji, tumeshaona kwa nini. Sababu tatu: mti, mwili, na mtetemo. Sasa tuingie katika sehemu ninayoipenda zaidi. Kushika chini kuna gharama yake. Gharama gani? Pande mbili za upinde hazifanani tena. Upande wa juu ni mrefu na unapinda kwa uvivu, kwa duara pana. Upande wa chini ni mfupi, mgumu, na unapinda kwa kona kali zaidi. Kila mmoja unataka kwenda kwa mwendo wake, na aliye kati yao ni kiganja cha mkono wa kushoto. Kiganja hicho ndicho kinachozipatanisha. Ndiyo maana walimu wa Japani wanaweza kukaa na mwanafunzi muda mrefu wakimrekebisha mkono wa kushoto tu, huku yeye anadhani kazi iko kwenye mkono wa kulia unaovuta.

Tumfuate basi mpigaji mmoja, hatua kwa hatua. Tuseme ni binti wa sekondari, maana shule nyingi za Japani zina vikundi vya mchezo huu. Ana upinde wake wa sentimita 221 wenye uzito wa kilo 12 hivi anapouvuta hadi mwisho. Shabaha iko mita 28 mbele yake, duara la sentimita 36 limeegemezwa kwenye kichuguu cha mchanga. Anasimama ubavu ukielekea shabaha, anapanua miguu, na anaiweka ncha ya chini ya upinde juu ya goti lake la kushoto. Angalieni hapo. Goti liko karibu sentimita 50 kutoka ardhini, ongezeni zile 75 zetu. Mkono wake wa kushoto unatua mbele ya kifua bila kunyanyuka wala kuinama. Upande wa chini ni kama umekatwa kwa kipimo cha mwili.

Kisha anaupanga mkono wa kushoto. Hapa nendeni nami polepole. Haushiki upinde kwa ngumi. Kishikio kina pembe, kama mstatili, na kila pembe ina kazi. Mstari ule wa kiganja unaopita chini ya vidole unagusa pembe ya nje ya upinde. Kidole cha mwisho, cha pete na cha kati vinakaa vimebanana, kucha zikiwa kwenye mstari mmoja, na vinaishika pembe hiyo. Ngozi ya kati ya kidole gumba na cha shahada inasukumwa juu kidogo, inakunjamana chini ya mshale. Na shina la kidole gumba linakaa kwenye pembe ya pili, ile ya ndani, upande wa kulia, tayari kusukuma. Kati ya kiganja na upinde kunabaki nafasi. Mwalimu akitaka kukagua, anatazama kama kiganja kimebandikwa chote kwenye ngozi ya kishikio. Kikiwa kimebandikwa chote, anamwambia aanze upya.

Mkono wa kulia umevaa glavu ya ngozi ya paa, yenye kidole gumba kigumu chenye mfuo mdogo upande wa ndani. Ugwe unakaa katika mfuo huo. Anavuta kwa gumba, na kwa kuwa anavuta kwa gumba, mshale unakaa upande wa kulia wa upinde, juu ya gumba la mkono wa kushoto. Kumbukeni hilo: mshale uko kulia. Tutalihitaji muda si mrefu.

Sasa anainua. Mikono yote miwili inapanda juu ya kichwa, ugwe bado haujavutwa sana. Kisha kutoka kule juu anafungua: mkono wa kushoto unasukuma kuelekea shabaha, wa kulia unarudi nyuma, na vyote vinashuka pamoja. Mshale unabaki sambamba na ardhi njia nzima. Kwa nini aanzie juu? Kwa sababu upinde huu haufunguliwi kwa mkono mmoja kuvuta na mwingine kugandia. Unafunguliwa kwa mgongo na mabega, kulia na kushoto kwa pamoja. Ukiuvuta kwa mkono wa kulia peke yake, ule upande wa juu mrefu unakuja na kumwegemea mpigaji, na mshale unapoteza usawa.

Na hapa ndipo tofauti ya 75 na 145 inapojionyesha wazi. Kadiri upinde unavyofunguka, ndivyo kiganja kinavyosikia upinde unataka kugeuka ndani yake. Binti yetu asukume wapi? Akisukuma kwa sehemu ya chini ya kiganja, karibu na kifundo, mshale utapanda na kupita juu ya shabaha. Akisukuma mno kwa juu, kwenye lile gubi la gumba, mshale utashuka na kuchoma mchanga chini ya shabaha. Njia iko kati ya hizo mbili: nguvu ipite kwenye mfupa wa mkono, itokee kwenye shina la gumba, iende moja kwa moja kuelekea shabaha, ikiwa na mwegemeo mdogo tu kutoka juu. Mwegemeo huo mdogo ndio unaozipatanisha zile pande mbili. Mwalimu anausoma kwa mbali: mishale ikitua juu mfululizo, hamgusi binti mkono wa kulia, anakwenda kutazama kiganja cha kushoto.

Sasa amefika mwisho wa kuvuta. Mshale unagusa shavu karibu na mdomo. Hatulii kama jiwe. Anaendelea kujipanua kulia na kushoto kwa sekunde kadhaa. Kisha ugwe unatoka. Hafungui kidole kwa makusudi. Mpanuko wenyewe unafika mahali ambapo gumba haliwezi kuendelea kuuzuia ugwe.

Nini kinatokea? Nirudie swali letu: mshale uko upande gani wa upinde? Kulia. Ugwe unarudi kuelekea katikati ya upinde, na kule katikati kuna mti, una unene wake. Kama upinde ungebaki umesimama imara kama mlingoti, mshale ungelazimika kuuzunguka mti huo na kwenda kulia ya shabaha. Hilo ndilo linalowapata wanaoanza: mishale yao yote inaangukia kulia. Dawa yake iko katika zile pembe mbili za kishikio. Wakati wote wa kuvuta, shina la gumba lilikuwa linasukuma pembe ya ndani, na vidole vitatu vya mwisho vilikuwa vinaizuia pembe ya nje. Upinde ulikuwa umesokotwa kidogo, unataka kuzunguka, umezuiliwa. Ugwe unapotoka, upinde unaanza kuzunguka kwa nguvu ileile, mti unampisha mshale, na mshale unakwenda mbele.

Mzunguko hauishii hapo. Mshale ukishaondoka, upinde unaendelea kujigeuza ndani ya kiganja mpaka ugwe upite mbele na kuja kutulia upande wa nje wa kigasha cha kushoto. Wenyewe wanaita yugaeri. Ukiutazama kwa mara ya kwanza utadhani ni madoido. La hasha. Ni ushahidi kwamba gumba lilisukuma sawasawa na kwamba vidole vitatu vilishika bila kubana. Zamani wapigaji wa Japani walifunga kinga ya ngozi kwenye mkono wa kushoto ili ugwe usiwachape. Kinga kama hizo zimehifadhiwa mpaka leo katika hazina ya Shosoin mjini Nara tangu karne ya 8. Leo wanaopiga vizuri hawahitaji kinga hiyo, maana ugwe unakwenda nje yenyewe.

Je, na ikienda vibaya? Kuna dalili nne ambazo hazidanganyi, nami nitazitaja kama zinavyokuja. Binti akibana kishikio kwa ngumi, upinde hauzunguki, ugwe unachapa kigasha au shavu, na mshale unakwenda kulia. Akiogopa kuchapwa akaulegeza mkono dakika ya mwisho, upinde unazunguka, lakini unateleza chini, na papo hapo utaona ameshika sentimita mbili juu ya pale alipoanzia. Akifungua vidole ili upinde uonekane umezunguka, upinde unaanguka sakafuni. Na akiuzungusha kwa kukunja kifundo cha mkono, mzunguko utaonekana, ila mshale utakuwa umeshayumba. Walimu wanaichukia sana hiyo ya mwisho, nami nawaelewa, kwa sababu inampendeza mtazamaji huku mshale unapotea.

Tuseme mishale minne ya binti yetu imetua yote kulia ya shabaha, kwa kimo sahihi. Tutafanya nini? Kimo ni sahihi, kwa hiyo mwegemeo wa juu na chini uko sawa, hapo hatugusi. Kosa liko kwenye mzunguko. Mwalimu anaangalia kidole cha mwisho. Anakikuta kimelegea, hakigusi vizuri kishikio. Kidole hicho kikilegea, pembe ya nje haina mzuizi, na gumba linasukuma upinde ambao hauna egemeo la kuzungukia. Anamwambia akikaze kidogo hicho kimoja tu, na avilegeze cha shahada na gumba. Hamwambii alenge kushoto zaidi. Akilenga kushoto atapata shabaha leo, lakini akija kuchukua upinde mzito zaidi, wa kilo 15 au 18, kosa litarudi likiwa kubwa.

Na baada ya mshale kuondoka binti haondoki mahali pake. Anabaki amenyoosha mikono, akitazama. Mwalimu naye anatazama, lakini hatazami shabaha. Anatazama ncha ya juu ya upinde, ule upande mrefu wa sentimita 145, kama imeanguka mbele, imemrudia binti, au imesimama. Kisha anatazama ngozi ya kishikio kama mkono uko palepale ulipokuwa.

Wasikilizaji wapenzi, muda wetu umekwisha. Mwenye ufito nyumbani na aujaribu ule mtetemo usiku huu. Juma lijalo, saa hizihizi, tutaendelea na mshale wenyewe: mwanzi wake, manyoya yake, na kwa nini wanaupiga kwa jozi. Kwaherini.